Kutangaza duka la Mwanza hadi Kisumu: anza na siku ya mzigo, tangazo lifuate

Nauza sandali za ngozi. Zinashonwa Igoma, na mwanzoni wateja wangu karibu wote walikuwa Mwanza, Geita, Shinyanga na Musoma. Nilipoamua kutangaza Kenya nilifanya kitu ambacho bado naona wenzangu wengi wanakifanya. Nilifungua tangazo lililokuwa linaniletea wateja hapa, nikaongeza Kenya kwenye orodha ya maeneo, nikalala.

Asubuhi simu ilikuwa imejaa meseji kutoka Kisumu, Nakuru, Eldoret mpaka Mombasa. Nikafurahi. Ila kwenye picha ya tangazo bei ilikuwa imeandikwa 35,000/=, na mtu wa Kisumu akiona shilingi hafikirii shilingi yetu. Mmoja aliniandikia, "Thao thelathini na tano kwa sandali?" Kwake hiyo ilikuwa kama laki saba za hapa. Aliyeelewa bei na kulipa alikuwa mmoja tu, dada wa Kisumu. Nilimwahidi siku tatu, nikampa mzigo kijana wa basi, na mzigo ukakaa mpakani kwa sababu haukuwa na karatasi yoyote. Aliupata siku ya kumi na moja. Pesa nilimrudishia, na sandali nilimwachia.

Baada ya hapo nilianza upya nikiwa nimegeuza utaratibu wote. Kwanza nilijua mzigo unafika siku gani, kisha nikajua pesa itaingiaje, halafu lugha, na tangazo likawa la mwisho. Ndiyo njia ninayoieleza hapa, kwa Kenya ya upande wetu wa ziwa: Migori, Homa Bay na Kisumu. Anayelenga Uganda kupitia Mutukula atatumia mpangilio huohuo, ila majina ya vitu yatabadilika.

Hatua ya kwanza: chagua bidhaa inayovuka kirahisi

Usipeleke duka zima. Katika duka langu kuna sandali ninazoshona mwenyewe, na kuna mikoba ninayonunua Kariakoo inayotoka China. Hapa Mwanza mteja haoni tofauti. Mpakani tofauti ni kubwa.

Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikivuka kwenda nchi mwanachama, haitozwi ushuru wa forodha mradi uthibitishe asili yake. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna utaratibu uliorahisishwa. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani na bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani bila kuhangaika na makaratasi ya wakubwa. Mkoba wa China hauna haki hiyo hata kama umeununua Dar es Salaam kwa risiti halali. Bidhaa ya nje ya Jumuiya inakutana na ushuru wa pamoja, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25 au 35.

Kwa hiyo kabla ya kulipia tangazo lolote, panda basi uende Sirari ukiwa na sampuli moja mkononi. Sirari ya kwetu na Isebania ya Kenya ni kituo kimoja cha pamoja cha forodha, hivyo maofisa wa nchi zote mbili unawapata mahali pamoja. Uliza dawati la taarifa za biashara, waoneshe bidhaa, uliza kama iko kwenye orodha na wanataka karatasi gani. Mimi niliuliza maswali matatu: cheti natolewa wapi, nani anatakiwa kuwa mpokeaji upande wa pili, na ninalipa nini hata nikiwa na cheti.

Jibu la swali la tatu ndilo linalowaumiza wengi. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi za ndani za nchi unayoingia. VAT ya Kenya ni asilimia 16, iweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Ukivuka siku moja bila kuombwa, usipange bei kwa bahati ya siku hiyo.

Hatua ya pili: pata siku ya mzigo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nitakapokaa.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kutuma kila oda peke yake. Kifurushi kimoja chenye jozi moja kinabeba usumbufu uleule wa mpakani ambao ungebebwa na jozi ishirini. Konda hawezi kukusimamia karatasi, na ofisa akiuliza mzigo ni wa nani hakuna wa kujibu.

Sasa napeleka mzigo mmoja kwa wiki. Oda zote za Kenya zinafungwa Jumanne saa sita mchana. Jioni ninafunga kila jozi kwenye mfuko wake wenye jina la mteja, mji na namba ya simu inayoanza na +254, kisha zote zinaingia kwenye boksi moja. Juu ya boksi naweka orodha: jozi ngapi, namba zake, bei ya kila moja na jumla, pamoja na risiti yangu ya mauzo. Jumatano alfajiri boksi linapanda basi la Tarime na Sirari pale stendi ya Nyamhongolo. Mwenzangu wa upande wa pili, mama mmoja mwenye duka la viatu Migori, anakuja mpakani Alhamisi asubuhi. Yeye ndiye mpokeaji kwenye karatasi kwa sababu ana PIN ya KRA, yaani namba yake ya kodi ya Kenya. Anavusha boksi, anarudi nalo dukani kwake, na kuanzia mchana huo wateja wa Migori wanachukua. Ijumaa vifurushi vya Kisumu na Homa Bay vinaondoka kwa matatu za sako, zile zenye ofisi ya kupokelea vifurushi, na Jumamosi mteja anachukua.

Utaona kwamba Jumatano hadi Alhamisi kuna nafasi iliyobaki bure. Niliiacha makusudi. Basi likiharibika Bunda, mzigo bado unafika Sirari usiku na ratiba haivunjiki. Bila nafasi hiyo, hitilafu moja ya barabarani inakufanya muongo mbele ya watu kumi na tano kwa wakati mmoja.

Kabla ya kumwahidi mteja yeyote, jaribu njia. Mimi nilituma maboksi matatu kwa wiki tatu mfululizo, ndani yakiwa na viatu vya kuuzia dukani kwa yule mama, nikaandika saa ya kila tukio: lilipopanda, lilipofika Sirari, lilipovuka, lilipofika Migori, lilipofika Kisumu. Wiki ya kwanza Kisumu lilifika Ijumaa jioni, ya pili Jumamosi asubuhi, ya tatu Jumamosi mchana. Ahadi yangu ikawa Jumamosi. Chukua wiki iliyochelewa kuliko zote, hiyo ndiyo uiahidi. Ile iliyowahi iache iwe furaha ya mteja.

Na ahidi siku ya wiki, usiahidi idadi ya siku. Nikiandika "siku nne", mteja aliyelipa Jumanne jioni ataanza kuhesabu Jumanne jioni, wakati mzigo wake unaondoka Jumatano ya wiki inayofuata. Nikiandika "Lipa kabla ya Jumanne saa sita mchana, chukua Kisumu Jumamosi", hakuna cha kubishania. Aliyechelewa anajua mwenyewe kwamba ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kalenda. Sikukuu zetu na zao hazifanani. Sisi tuna Saba Saba tarehe 7 Julai na Nane Nane tarehe 8 Agosti, wao wana Madaraka tarehe 1 Juni na Mashujaa tarehe 20 Oktoba, na Desemba sisi tunapumzika tarehe 9 na wao tarehe 12. Ukipanga mwaka wako, ziandike zote kwenye kalenda moja, na wiki ambayo sikukuu inaangukia Jumatano hadi Ijumaa simamisha tangazo la Kenya mapema au sogeza ahadi.

Hatua ya tatu: pesa ipite mlango ambao mteja anaujua

M-Pesa ya kwetu ni ya Vodacom, ya kwao ni ya Safaricom. Jina ni moja, mifumo ni miwili. Kutuma kati ya mifumo hiyo miwili kunawezekana tangu 2015, ila mteja wa Kisumu anayenunua sandali kwa mara ya kwanza kutoka duka asilolijua hapendi kufungua menyu ya kutuma nje ya nchi, kuingiza namba ya +255, na kuona makato na kiwango cha kubadilisha fedha. Niliwapa wateja wa mwanzo njia hiyo. Wengi walisoma maelekezo, wakasema "sawa", wakanyamaza.

Wanachokijua ni Till, namba fupi ya kulipia dukani. Ni kama Lipa Namba yetu. Mtu anaingia Lipa na M-Pesa, anaandika namba, anaandika kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri anaona jina la duka. Till inataka usajili wa Kenya, kwa hiyo mimi natumia ya yule mama wa Migori. Tatizo likawa jina. Mteja aliona tangazo la duka langu, alipotaka kulipa akaona jina la duka lingine, akaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Dawa yake ni sentensi moja inayotangulia namba yenyewe: "Utaona jina la duka la Migori, ndiko mzigo wako unakopokelewa." Ukisubiri mpaka aulize, umeshampoteza.

Sihitaji alipe yote mbele. Analipa shilingi 500 za Kenya kuweka oda, na 2,000 zilizobaki analipa akiambiwa mzigo umefika mjini kwake, kabla ya kukabidhiwa. Nilijaribu pia kulipa yote wakati wa kupokea. Meseji ziliongezeka, lakini Jumamosi vifurushi vilibaki ofisini bila wenyewe, na kila kimoja nilikilipia nauli ya kwenda na kurudi. Hizo 500 zinamchuja anayetania bila kumtisha anayetaka.

Makubaliano na mwenzako yaandikwe hata kama mnaaminiana kama ndugu. Yetu yako kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kila mtu ana nakala. Kila jioni ananitumia orodha ya miamala ya Till ya wateja wangu, mimi naoanisha na oda. Jumatatu anakata chake kwa kila jozi iliyopokelewa na kunitumia salio kwa M-Pesa ya kuvuka mpaka. Kiwango cha kubadilishia kinaonekana kwenye simu yake kabla hajathibitisha, anakipiga picha na kunitumia. Kwa njia hiyo, shilingi ikipanda au ikishuka, sote tunaona kitu kilekile na hakuna anayemshuku mwenzake.

Na oda isihesabiwe kwa picha ya meseji ya malipo. Picha inatengenezwa. Pesa imeingia pale mwenye Till anapoiona kwenye orodha yake.

Hatua ya nne: bei na kikomo cha tangazo

Ukishajua njia na mlango wa pesa, sasa unaweza kukaa na karatasi. Nitaonesha ya kwangu kwa jozi moja, nikichukulia shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 20 za kwetu ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka kiwango cha siku yako.

Kisumu nauza kwa KES 2,500, yaani 50,000 zetu. Kushona na kufungasha kunanigharimu 18,000. Boksi la jozi 20 likigawanywa, nauli ya basi hadi Sirari ni 1,000 kwa jozi. Kodi ya mpakani naiwekea 5,600, ambayo ni asilimia 16 ya bei yangu ya duka ya 35,000 ninayoiandika kwenye orodha. Mama wa Migori anachukua 3,000. Kifurushi kutoka Migori hadi Kisumu ni KES 250, sawa na 5,000. Makato ya kurudisha pesa nyumbani nayatengea 1,500, na kwa sababu katika kila vifurushi kumi kimoja hurudi, natenga 1,000 zaidi kwa kila jozi. Jumla ni 35,100. Inabaki 14,900.

Faida ninayoitaka ni 9,000, la sivyo ni bora niuze hapahapa Mwanza kwa amani. Kwa hiyo tangazo lina ruhusa ya kula 5,900 kwa kila jozi *iliyopokelewa*. Hiyo namba nimeibandika ukutani. Kama kila mtu anayeanza kunichati kutoka kwenye tangazo ananigharimu 700, inabidi angalau mmoja kati ya wanane apokee kiatu. Ikiwa ni mmoja kati ya kumi, nimepitiliza.

Angalia pia upepo wa shilingi. Kiwango kikishuka kutoka 20 hadi 19, zile KES 2,500 zinakuwa 47,500, na hata baada ya nauli ya Kisumu kushuka kidogo kwa hesabu yetu, nimepoteza kama 2,250 kwa jozi. Ndiyo maana bei ya Kenya naiandika kwa shilingi ya Kenya na kuipitia kila mwanzo wa mwezi. Kuibadilisha kila siku kunamfanya mteja aliyeuliza Jumatatu ajione ameibiwa Alhamisi.

Hatua ya tano: lugha

Hapa wengi wetu tunajidanganya kwamba Kiswahili ni Kiswahili. Tangazo langu la hapa lilisema "Makubazi ya ngozi, mzigo mpya umeingia, bei ni buku thelathini na tano tu." Kisumu "makubazi" halieleweki, "buku" si elfu moja yao, na malapa wanayaita patipati au slipas. Nikaandika upya:

"Sandali za ngozi halisi, zimeshonwa kwa mkono Mwanza. KES 2,500, na kufikishiwa Kisumu ni ndani ya bei hiyo. Weka oda kwa 500, lipa na M-Pesa. Lipa kabla ya Jumanne saa sita mchana, chukua Jumamosi."

Hakuna maneno ya kupamba. Kila sentensi inajibu swali ambalo mteja wa Kenya aliniuliza kwenye meseji za mwanzo. Bei iandikwe KES na iwe pia kwenye picha yenyewe, kwa sababu picha husambazwa bila maandishi. Picha zote zenye bei ya Tanzania ziondoe kwenye tangazo la Kenya, na kwenye ukurasa wako weka chapisho la juu kabisa lenye bei za nchi zote mbili, maana mteja makini ataingia kukagua.

Namna ya kuongea nayo ni tofauti. Binti anayenisaidia kujibu meseji alikuja siku moja amenuna kwamba Wakenya hawana adabu. Mtu ameandika tu "Bei?" au "Nataka namba 41." Kwetu mtu anaanza na "Samahani dada, naomba kuuliza." Kule kusema "nataka" si ukali, ni kusema unachotaka. Yeye kwa upande wake alikuwa anajibu kwa salamu ndefu, "Karibu sana mpendwa, habari za leo, upo mkoa gani," na mteja alikuwa ameshaondoka. Sasa jibu la kwanza lina mambo matatu: bei kwa KES, siku ya kuchukua, na swali la namba ya mguu. Salamu fupi inatosha, na neno "mkoa" tumeliacha, tunauliza "uko mji gani."

Nimepata msaada mkubwa kwa kumpa kazi hiyo kijana wa Rorya. Dholuo inazungumzwa pande zote za mpaka, na mteja wa Homa Bay anayesita akijibiwa "Erokamano" mwisho wa mazungumzo anakuwa mtu mwingine. Lakini tangazo lenyewe sikuliandika kwa Dholuo. Kisumu wanaishi pia Waluhya na Wakisii, na Isebania ni kwa Wakurya, kwa hiyo tangazo liko kwa Kiswahili chepesi na lugha ya nyumbani inabaki kwenye mazungumzo, pale mteja akiianza yeye.

Kwa viatu, lugha salama kuliko zote ni sentimita. Kubadilishiana namba ndani ya Mwanza ni bodaboda ya dakika ishirini, kuvuka mpaka ni wiki mbili. Ninamwomba kila mteja asimame juu ya karatasi, achore mguu, apime kutoka kisigino hadi kidole kirefu, anitumie picha ya karatasi na rula. Tangu nianze, viatu vya kubadilisha vimekuwa vichache sana.

Hatua ya sita: sasa fungua tangazo

Kwenye Ads Manager ya Facebook na Instagram fungua kampeni mpya kwa ajili ya Kenya, yenye bajeti yake. Usiongeze Kenya ndani ya kampeni ya Tanzania. Mfumo unapeleka pesa pale matokeo yanapopatikana kwa bei ya chini, na meseji za bei ya chini si lazima ziwe za wanaonunua. Zikiwa kampeni moja, utaona meseji 100 bila kujua nchi ipi inakulisha na ipi inakula.

Kwenye `Locations` usichague Kenya nzima. Weka miji ambayo mzigo wako unafika, kwangu ni Kisumu, Homa Bay na Migori, na duara dogo kuzunguka kila mji. Ukiweka duara kubwa kuzunguka Migori litavuka mpaka na kuingia Tarime, na wateja wa Tarime wataona bei ya Kenya. Kwa hiyo chagua `Exclude` na uiondoe Tanzania.

Kwenye `Languages` acha wazi. Hili lilinichukua muda kuligundua. Nilichagua Kiswahili nikiamini nawalenga wanaokisema, na tangazo likakosa watu. Mfumo unaangalia zaidi lugha ambayo mtu ameiweka kwenye akaunti yake, na watu wengi Kenya wanaongea Kiswahili siku nzima huku simu zao zikiwa kwa Kiingereza.

Lengo liwe meseji za WhatsApp, na salamu inayojitokeza yenyewe iseme bei na Jumamosi. Kwa kiungo cha kwenye wasifu wa Instagram tengeneza cha Kenya peke yake, chenye namba yako kwa mfumo wa kimataifa bila sifuri ya mwanzo:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Kenya%20sandali%20namba%20
```

Mteja akigusa, meseji yake inaanza na neno Kenya, na unajua ametoka wapi kabla hujajibu. Namba iliyoandikwa 07 kwenye picha haimfikishi popote. Akiipiga kwa simu ya Kenya atampata mtu mwingine wa Kenya au asimpate mtu.

Washa tangazo Alhamisi, lizime Jumanne asubuhi. Meseji za Jumanne jioni na Jumatano ni za watu ambao watasubiri siku kumi au zaidi, na hao ndio wanaoghairi.

Hatua ya saba: hesabu waliopokea

Tangazo litakuonesha gharama kwa kila mazungumzo. Namba hiyo haijui kama mtu amelipa, wala kama kifurushi kimerudi. Kwenye WhatsApp Business nina lebo tatu za Kenya: ameuliza, ameweka oda, amepokea. Jumapili nachukua pesa yote ya tangazo la wiki na kuigawa kwa waliopokea.

Wiki yangu ya kwanza ya njia mpya, nilitumia 42,000, nikapata mazungumzo 60, na waliopokea walikuwa watano. Hiyo ni 8,400 kwa jozi, juu ya kikomo changu cha 5,900. Mazungumzo yalikuwa 700 kila moja kama nilivyotarajia, kwa hiyo tangazo halikuwa na kosa. Nikasoma meseji zote 60. Kumi na nane waliishia palepale nilipowatumia namba ya Till, na hapo ndipo nikajua habari ya jina la duka. Tulipoweka ile sentensi moja, wiki iliyofuata kwa pesa ileile na mazungumzo karibu yaleyale walipokea wanane. Ikawa 5,250.

Soma hivyo kila mara. Wakinyamaza baada ya kusikia bei, picha yako au bei yako haijaeleweka. Wakinyamaza kwenye namba ya kulipia, hawajakuamini. Wakiweka oda na wasichukue, ahadi ya siku imevunjika mahali, na hapo fungua daftari la saa uone boksi lilichelewa wapi.

Mji mpya nauongeza wiki tatu mfululizo zikiwa chini ya kikomo, na kila mji unaanza na maboksi yake ya majaribio. Kisii ndio unaofuata kwangu. Boksi la kwanza la kujaribu, lenye jozi nne za kuuzia dukani, linaondoka Nyamhongolo Jumatano hii.